Makaa ya mifupa si kiungo cha sukari

Mazungumzo ya watu wasiokula nyama hapa Kisumu yakifika kwenye chai, hakosi mtu wa kusema kwamba sukari nyeupe ina mifupa ya ng'ombe. Wa pili hudakia kwamba basi tununue ya kahawia. Maneno haya yamezagaa mno, na yanawahangaisha watu bure.

Makaa ya mifupa ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto kali, nyuzi 700 hivi au zaidi, bila hewa ya kutosha kuiteketeza. Mafuta na nyama huisha kabisa. Hubaki chembe nyeusi zenye matundu madogo, sehemu kubwa ikiwa madini ya kalsiamu na fosfati, kaboni ikiwa kidogo tu. Baadhi ya viwanda vya kusafisha sukari ya miwa, hasa Marekani, hupitisha sukari iliyoyeyushwa katika mapipa marefu yaliyojaa chembe hizo. Rangi hunasa kwenye makaa, maji ya sukari hutoka yakiwa meupe. Makaa yakichoka huchomwa tena na kurudishwa kazini.

Kwa hiyo makaa ni chujio, na chujio haliingii kikombeni. Ndiyo sababu hayaandikwi kwenye pakiti: sheria hudai viungo vitajwe, si vifaa vilivyotumika njiani. Anayekataa tu kula nyama, kama Wasabato wengi wa huku kwetu, hajala mnyama. Lakini Mjaini, mfuasi wa dini ya Kihindi inayokataza kudhuru kiumbe chochote, au mtu asiyetaka mnyama atumike kwa namna yoyote, haulizi kilichomo kwenye kijiko. Anauliza ng'ombe alihusika wapi. Kwake chujio lina uzito uleule wa kiungo, na si haki kumwambia anatia chumvi.

Rangi ya kahawia haimsaidii. Sukari nyingi ya kahawia inayouzwa Marekani ni nyeupe iliyorudishiwa molasi, kwa hiyo huenda ilipita kwenye makaa yale yale. Sukari ya kiazisukari haipitishwi humo, na viwanda vingine vya miwa hutumia makaa ya mimea au resini.

Sukari ya kawaida ya ukanda wetu wa miwa, kuanzia Muhoroni hadi Mumias, ina njia nyingine. Maji ya miwa hupashwa moto na kutiwa chokaa, penginepo na moshi wa salfa, uchafu ukatuama, kisha yakachemshwa mpaka yagande chembe. Hatua ya kuyeyusha na kuondoa rangi haipo. Sukari nguru ndiyo kabisa: maji ya miwa yamechemshwa tu.

Penye swali la kweli ni sukari nyeupe sana iliyosafishwa, ambayo Kenya huagiza nje kwa ajili ya soda, biskuti na peremende. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kuhofia chai, usihangaike nayo. Muulize mwenye kiwanda cha biskuti sukari yake inatoka wapi, na huko rangi huondolewa kwa kutumia kitu gani.