Hadidu za rejea za kutathmini mafunzo ya wafanyakazi: swali lenye kupimika

Shirika linapotafuta mtaalamu mshauri wa kutathmini mafunzo ya wafanyakazi wake, hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa, mara nyingi humtaka apime «matokeo ya mafunzo» bila kutaja ni matokeo yapi, wala ushahidi utakaotumika. Mshauri huishia kuwauliza washiriki kama waliridhika, kwa kuwa jibu hilo hupatikana upesi. Mgawanyo wa Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa kutathmini mafunzo, uliochapishwa kuanzia 1959, hutenganisha ngazi nne: jinsi mafunzo yalivyopokelewa, yaliyojifunzwa, mabadiliko katika utendaji kazini, na matokeo kwa taasisi. Hadidu zitaje ngazi inayotakiwa. Kwa maoni yangu, gharama ya mshauri wa nje inastahili hasa ngazi ya tatu, ambayo msimamizi wa mafunzo hawezi kuiona akiwa darasani.

Tuchukue mfano wa shirika la Bukavu lililowafundisha wauguzi 40 wa vituo 20 vya afya kujaza fishi za stoki za dawa. Swali liandikwe hivi: je, miezi sita baada ya mafunzo, salio la kwenye fishi linalingana na dawa zilizohesabiwa rafuni? Hali ya awali haiwezi kuhesabiwa upya, maana dawa za wakati ule zimeshatumika. Lakini fishi za zamani, zikiwa zimehifadhiwa, huonyesha kama hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa ikifanywa. Kwa hiyo shirika lihakikishe zipo kabla ya kutangaza kazi, kisha liziorodheshe katika hadidu. Litaje pia ni wauguzi wangapi kati ya hao 40 wangali katika vituo vyao, kwa sababu aliyehamishwa akihesabiwa kama aliyeshindwa, lawama huangukia mafunzo bure. Upungufu wa dawa wenyewe usiwe kipimo: fishi inaweza kujazwa sawasawa na dawa zikakosekana kwa sababu hazikuletwa.

Siku za kazi zitokane na swali hilo. Kukagua sampuli ya vituo 8 kati ya 20, kimoja kwa siku, na kuongeza siku moja ya safari ya boti ikiwa kimojawapo kiko katika kisiwa cha Idjwi, ni siku 9. Kusoma hati na kuandaa ripoti ya mwanzo yenye mbinu na madodoso ni 4. Uchambuzi na rasimu ni 6. Marekebisho ni 3. Jumla ni 22. Anayetaka vituo vyote 20 aongeze siku, la sivyo atapewa ziara za haraka zisizofungua hata fishi moja.

Kifungu cha uhuru wa mshauri huandikwa kwa uzembe mno. Aliyeandaa au kuendesha mafunzo hayo asiruhusiwe kuomba kazi hii. Shirika liwe na haki ya kusahihisha makosa ya ukweli katika rasimu, lakini malipo ya mwisho yategemee ubora wa ushahidi na kukamilika kwa ripoti, si kukubaliana na hitimisho lake.