Kupima wachezaji kabla ya msimu, na wiki nane za kujenga nguvu

Timu nyingi za sekondari huanza mazoezi ya nguvu wiki mbili tu kabla ya UMISSETA ngazi ya wilaya. Muda huo unatosha kuwachosha wachezaji, si kuwajenga. Wiki nane zinatosha, mradi vipimo vya mwanzo vimekuonyesha cha kurekebisha.

Kabla ya kupima chochote, muulize kila mchezaji kama amewahi kuzimia au kubanwa kifua akikimbia, kama ana selimundu, na kama ameugua homa wiki hiyo. Akijibu ndiyo kwa mojawapo, hapimwi mpaka aonwe na mganga.

Vipimo vitatu vinatosha. Cha kwanza ni kuruka mbele kwa miguu miwili kutoka kwenye mstari, mara tatu, ukipima hadi kisigino cha nyuma. Cha pili ni kuinua nyonga kwa mguu mmoja: mchezaji analala chali, anaweka kisigino kwenye boksi la urefu wa takribani sentimita 60, goti limekunjwa kidogo, mguu mwingine uko hewani, kisha anainua nyonga na kushusha hadi ashindwe. Chini ya 20 ni dhaifu, 25 ni wastani, 30 ni vizuri. Cha mwisho, kwa sababu kinamaliza pumzi, ni Yo-Yo: mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa kufuata mlio wa sauti iliyorekodiwa, kisha mapumziko ya sekunde 10. Akichelewa mlio mara mbili anatoka, na unaandika umbali aliomaliza.

Mbio za mita 30 kwa saa ya mkononi nimeziacha makusudi. Kidole cha mwalimu hukosea hadi sehemu mbili za kumi za sekunde, na mchezaji aliyejenga nguvu kwa wiki nane huenda asiongeze hata kiasi hicho. Vilevile usimpime mwanafunzi uzito mkubwa kabisa anaoweza kuinua mara moja. Hatari yake ni kubwa, na nambari hiyo haitakusaidia kupanga lolote.

Tumchukue beki wa pembeni wa miaka 17. Aliruka mita 2.10, 2.14 na 2.11. Mguu wa kulia aliinua nyonga mara 24, wa kushoto mara 15. Kwenye Yo-Yo yuko sawa na wenzake. Kocha angeweza kumwongezea mbio, lakini shida yake iko kwenye misuli ya nyuma ya paja la kushoto, na misuli hiyo ndiyo huumia zaidi kwenye soka, hasa mchezaji anapokimbia kwa kasi kamili.

Mechi za kirafiki zikiwa Jumamosi, mazoezi ya nguvu yawe Jumatatu na Jumatano, kwa nusu saa hivi. Yawepo kuchuchumaa ukiwa umekumbatia mfuko wa mchanga, kupanda benchi kwa mguu mmoja, kuinua nyonga, na zoezi la Nordiki: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unaanguka mbele taratibu ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Zoezi hili huacha maumivu ya siku mbili tatu, kwa hiyo wiki ya kwanza ni seti 2 za mara 4 tu. Wanaoanza na mara 12 ndio huchechemea Ijumaa na kulichukia moja kwa moja.

Wiki mbili za kwanza ni za kujifunza umbo sahihi, seti 2 za mara 8 na mchanga wa kilo 10. Wiki ya tatu ni seti 3. Wiki ya nne punguza kazi kwa nusu, hata kama vijana wanalalamika kwamba hawachoki. Kuanzia ya tano hadi ya saba ni seti 3 za mara 6, mchanga ukipanda hadi kilo 15 au 20. Kila seti aishie pale ambapo angeweza kurudia mara mbili zaidi. Goti likianza kuingia ndani akichuchumaa, mzigo umezidi. Beki wetu aanze na mguu wa kushoto, na wa kulia urudie idadi ileile, usizidi.

Wiki ya nane punguza tena, kisha pima mwishoni mwake: saa ileile, uwanja uleule, viatu vilevile, na asile mlo mzito muda mfupi kabla. Tuseme sasa beki ameruka 2.17 na mguu wa kushoto umefika 23. Usishangilie ile 2.17. Siku ya kwanza mruko wake ulitofautiana kwa sentimita 4 bila mazoezi yoyote, na ongezeko hili ni la sentimita 3. Lakini kutoka 15 hadi 23 ni nguvu mpya. Msimu ukianza, Nordiki ibaki mara moja kwa wiki, kila Jumatatu au Jumanne, mbali na siku ya mechi.