Gesi Inayokuja Mara tu Baada ya Kula: Huenda Bakteria Wamejaa Utumbo Mdogo

Mgonjwa akiniambia tumbo lake linajaa gesi, kabla sijamuuliza anakula nini namuuliza gesi inaanza baada ya muda gani. Chakula unachokimeza sasa huanza kuingia utumbo mdogo ndani ya dakika chache, lakini mabaki yake kwa kawaida hufika utumbo mpana baada ya saa nne hadi sita hivi. Huko kwenye utumbo mpana ndiko wanakoishi bakteria wengi wa mwili wetu, na wao ndio wanaochachusha mabaki ya maharage, kabichi na vitunguu na kutoa gesi. Mtu aliyekula maharage saa saba mchana akaanza kujamba jioni hana ugonjwa wowote. Anayenitia shaka ni yule ambaye hata nusu saa haijapita tangu ale, tumbo limeshavimba hadi sketi haifungi.

Muda peke yake haumalizi hoja, lazima niseme hivyo mapema. Tukianza kula, mwili husukuma mabaki ya mlo uliopita kuelekea utumbo mpana, kwa hiyo gesi unayoipata ukinywa chai ya asubuhi inaweza kutokana na mlo wa jana usiku. Lakini mtu anayejaa upesi baada ya kila mlo, wiki baada ya wiki, hata akila wali mweupe na mchuzi mwepesi, anastahili kuulizwa swali moja zaidi: je, bakteria hawa wamejaa mahali ambapo hawapaswi kuwa wengi?

Utumbo mdogo una bakteria, ila wachache sana. Katika majimaji ya sehemu yake ya juu, kila mililita moja huwa na bakteria wasiozidi elfu moja hivi, ilhali utumbo mpana una mabilioni katika kila gramu. Mwili hutunza tofauti hiyo kwa njia kadhaa. Asidi ya tumbo huua sehemu kubwa ya wadudu wanaoingia na chakula. Nyongo na maji ya kongosho huwazuia wengine wasizaliane. Mwisho wa utumbo mdogo kuna vali inayozuia vilivyo kwenye utumbo mpana visirudi juu.

Kinga ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni mwendo wa utumbo wenyewe. Tumbo likiwa tupu, kila baada ya dakika 90 hadi 120 wimbi la misuli huanzia juu na kushuka taratibu hadi mwisho wa utumbo mdogo, likifagia makombo, ute na bakteria kama mtu anavyofagia uwanja kutoka mlangoni hadi barazani. Mngurumo unaousikia ukiwa na njaa, sehemu yake ni wimbi hilo. Ukila, linakatika, na halirudi mpaka chakula kitakapokuwa kimeshuka. Likidhoofika, bakteria hupata nafasi ya kutulia na kuongezeka, na chakula chenye wanga na sukari kikifika wanakikuta kabla mwili haujakifyonza. Wanakichachusha palepale, katika mrija mwembamba. Ndiyo maana tumbo hujaa upesi na kuuma.

Sasa nikueleze kisa kimoja. Mambo machache nimeyabadilisha ili mhusika asitambulike, lakini mwendo wa ugonjwa ndio huo. Mama mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mwenye kisukari cha muda mrefu, alikuja akisema, "Daktari, nikila tu, tumbo hili hapa. Nimeambiwa ni vidonda, nakunywa dawa, haviponi." Dawa yenyewe ilikuwa omeprazoli, aliyokuwa akiinunua duka la dawa mwaka hadi mwaka. Hakuwahi kupimwa kipimo cha kamera, wala hakuwa na maumivu ya chembe ya moyo. Alikuwa na gesi, kubeua, choo chepesi mara nyingi, na siku za karibuni ganzi kwenye vidole vya miguu.

Hapa ndipo jambo linaponiumiza. Kwetu karibu kila usumbufu wa tumbo huitwa vidonda, na dawa ya kupunguza asidi inapatikana bila cheti. Kwa mwenye kidonda cha kweli dawa hiyo huokoa maisha. Kwa mtu ambaye shida yake ni bakteria kujaa utumbo mdogo, kupunguza asidi kwa miaka kunamwondolea kinga moja kati ya zile nilizozitaja. Sisemi kila anayemeza omeprazoli atapata tatizo hili, wengi hawapati. Lakini mama huyu alikuwa pia na kisukari kilichokaa muda mrefu, nacho huharibu neva zinazoendesha utumbo, kwa hiyo ufagiaji nao ulikuwa umedhoofika. Kinga mbili zilikuwa zimelegea kwa pamoja.

Ganzi ya miguu ilinifanya nipime vitamini B12, na ilikuwa chini. Bakteria waliojaa utumbo mdogo huila vitamini hiyo kabla mwili haujaifikia. Yeye alikuwa pia kwenye metformini, dawa ya kisukari ambayo nayo hushusha B12, na omeprazoli ikitumika miaka mingi hufanya vivyo hivyo. Kisukari chenyewe kinaweza kuleta ganzi. Sikuweza kumtupia lawama mmoja peke yake, na sikuhitaji kufanya hivyo ili nianze kumpa sindano za vitamini.

Kipimo tulichokitumia ni cha pumzi, na kinategemea jambo moja la kupendeza: seli za binadamu hazitengenezi haidrojeni hata kidogo. Haidrojeni yote tunayoitoa puani na mdomoni imetoka kwa bakteria wa utumbo, ikaingia kwenye damu, ikafika mapafuni. Mgonjwa hunywa gramu 75 za glukosi katika maji, kisha hupuliza ndani ya kifuko kila baada ya dakika 15 au 20. Glukosi hufyonzwa yote katika sehemu ya juu ya utumbo mdogo, haifiki utumbo mpana. Haidrojeni ikipanda, basi kuna bakteria waliowahi glukosi hiyo njiani. Mwaka 2017 wataalamu wa Amerika Kaskazini walikubaliana kwamba kupanda kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi juu ya kiwango cha kuanzia, ndani ya dakika 90, ndiko kuhesabike kuwa kipimo kimeonyesha ugonjwa.

Mama alianza na 6. Dakika ya 30 alikuwa 19, bado haijatosha. Dakika ya 45 ilifika 34, yaani imepanda kwa 28, na tumbo likaanza kumjaa palepale kitini. Kuanzia dakika ya 75 ikawa inashuka. Kwangu mimi kupanda kwa haidrojeni sambamba na dalili zake mwenyewe kuna uzito kuliko namba peke yake.

Maandalizi yakiharibika, kipimo hakina maana. Mgonjwa asiwe ametumia antibayotiki kwa wiki nne, siku iliyotangulia ale vyakula vyepesi kama wali mweupe na samaki au kuku bila maharage wala mboga za nyuzinyuzi, kisha afunge usiku kucha, na asubuhi hiyo asivute sigara. Na hata ukikifanya vizuri, kipimo kina mipaka. Glukosi ikiisha kufyonzwa juu, bakteria waliojaa sehemu ya chini ya utumbo mdogo hawaonekani. Baadhi ya hospitali hutumia laktulosi, sukari ambayo mwili hauifyonzi, ili kufika chini zaidi. Tatizo lake ni kwamba kwa mtu ambaye utumbo wake unakwenda mbio, laktulosi hufika utumbo mpana mapema na kipimo kikaonyesha ugonjwa asio nao. Wapo pia watu ambao gesi yao kubwa ni methani, na hao mara nyingi hufunga choo badala ya kuharisha. Mashine inayopima haidrojeni pekee itawapita.

Matibabu yana sehemu mbili, na ya kwanza ndiyo nyepesi. Antibayotiki inayopendekezwa sana ni rifaksimini, miligramu 550 mara tatu kwa siku kwa siku 14. Hubaki ndani ya utumbo, haiingii sana kwenye damu. Ni ghali na haipatikani kila mahali, kwa hiyo madaktari wengi hutumia metronidazoli, siprofloksasini au doksisaiklini. Nakusihi usiende kuzinunua mwenyewe kwa sababu umesoma hapa. Gesi ya minyoo, ya kimelea cha utumbo kiitwacho jiadia au ya kutovumilia maziwa inaweza kufanana kabisa na hii, na antibayotiki isiyo sahihi hukuachia kuhara na wadudu sugu.

Sehemu ya pili ni kutafuta kilichowaruhusu bakteria kukaa, kwa sababu usipokigusa watarudi. Katika utafiti mmoja wa Italia uliochapishwa mwaka 2008, karibu wagonjwa 44 katika kila 100 waliopona kwa rifaksimini walikuwa wameugua tena ndani ya miezi tisa. Kwa mama huyu tulipima kwanza kwa kamera, hapakuwa na kidonda, ndipo tukapunguza omeprazoli kidogokidogo hadi akaiacha. Kuiacha ghafla hurudisha asidi kwa nguvu, na mgonjwa hudhani vidonda vimeamka. Anayeitumia kwa sababu ya kutokwa damu tumboni, au kwa kuwa anameza aspirini kila siku, asiiguse bila daktari wake. Tulishughulikia sukari ya damu. Nikamwomba aache mazoea ya kutafuna karanga na kunywa chai ya maziwa kati ya mlo na mlo, apishe saa nne au tano tumbo likiwa tupu, maji matupu yakiruhusiwa. Ushahidi wa ushauri huu wa mwisho si mwingi kama wa dawa, ila unaendana na jinsi wimbi lile linavyofanya kazi. Hata hivyo, anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari ghafla lazima apangiwe na daktari wake kabla ya kukaa muda huo bila kula.

Tumbo lake lilitulia ndani ya wiki tatu. Miezi kadhaa baadaye gesi ilirudi, ndogo kuliko ile ya mwanzo, na alihitaji dozi nyingine. Neva zilizoharibiwa na kisukari hazirudi kuwa mpya, kwa hiyo tulikubaliana kwamba huu ni ugonjwa wa kufuatiliwa, na B12 yake inapimwa kila mwaka.

Kuna watu ambao nisingependa waanze na kipimo cha pumzi hata kidogo. Aliyepungua uzito bila sababu, mwenye damu kwenye choo, homa za jioni, au anayetapika na tumbo kukaza, huyo aangaliwe kwanza kama ana kifua kikuu cha utumbo, uvimbe au utumbo ulioziba. Utumbo uliosinyaa kwa kifua kikuu nao hujaza bakteria nyuma ya pale palipobana, na kipimo cha pumzi kitaonyesha gesi bila kuonyesha kilichoileta. Na mwanamke aliyevuka miaka hamsini ambaye tumbo limeanza kujaa karibuni na halipungui, apigwe picha ya mawimbi ya sauti kuangalia mifuko ya mayai kabla mtu yeyote hajamwandikia dawa ya gesi.