Picha ya mfuko wa DAP na shamba la hatua 40 kwa 30: kilo ngapi?

Msimu wa kupanda ukikaribia simu yangu inajaa picha za mifuko ya mbolea. Wengi wananunua ya kupimiwa dukani, kilo 5, kilo 10, mfuko wenyewe unabaki dukani, kwahiyo wanaupiga picha alafu wananitumia wasap: bwana shamba, hii niweke kiasi gani?

Shida ya kwanza, picha ni ya mbele tu. Mbele unapata jina, uzito na zile namba, mfano 18-46-0 kwa DAP, lakini kiasi cha kuweka shambani mara nyingi kimeandikwa nyuma, kwahiyo kabla hujaondoka dukani geuza mfuko, unyooshe mikunjo vizuri alafu upige tena. Kama kuna jedwali la mazao fuata mstari wa zao lako mpaka mwisho, maandishi ni madogo na ni rahisi kuruka ukasoma mstari wa viazi wakati we unalima mahindi.

Sasa kwenye huo mstari kitu cha kuangalia kuliko vyote ni kinachofuata baada ya kilo. Juzi nimeletewa picha imeandikwa 125 alafu palipofuata pamekunjwa, mwenye picha akasema "kilo 125 kwa ekari". Nikamwomba apige tena, ikaonekana 125 kg/ha, yani kwa hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, ekari ni kama 4,047 tu, kwahiyo ukichanganya hapo unaweka karibu mara mbili na nusu ya kinachotakiwa.

Shamba lake alisema ni hatua 40 kwa 30. Watu wengi wanahesabu hatua kama mita, wanapata 1,200 na wanaenda nayo hivyohivyo. Nikamwambia apime kamba ya mita 20 aitembee kawaida bila kujivuta, zikatoka hatua 25, maana yake hatua yake moja ni mita 0.8. Basi shamba ni mita 32 kwa 24, jumla mita za mraba 768. Ona tofauti hiyo, hatua imepungua kidogo tu lakini eneo limeshuka kwa zaidi ya theluthi kwasababu kosa linaingia kwenye urefu na kwenye upana pia.

Baada ya hapo hesabu ni fupi, kwenye kalkuleta ya simu:

```
125 x 768 / 10000 = 9.6
```

Kilo 9.6, anunue 10. Angefuata ile ya ekari ingemtoka kama kilo 24.

Mi huwa siachii hapo, nashusha mpaka kwenye shimo maana ndo utaona kama jibu lina akili. Yeye anapanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, kila shimo linachukua mita za mraba 0.45, kwahiyo 768 gawa kwa 0.45 unapata mashimo kama 1,700. Gramu 9,600 gawa kwa hayo, ni gramu 5 na nusu hivi kila shimo, kizibo kimoja cha soda kilichojaa vizuri. Hiyo ni ya kawaida kabisa kwa DAP kwenye mahindi. Zile kilo 24 zingekuwa karibu gramu 14, vizibo viwili na nusu, na DAP nyingi hivyo karibu na mbegu inatoa amonia inaunguza mizizi michanga, unakuta mapengo kwenye mistari, ukifukua mbegu imechipua lakini ncha ya mzizi ni ya kahawia. Hata kwa kiasi sahihi tia mbolea, funika na udongo kidogo, ndo uweke mbegu.

Ila kizibo kipime kwa mbolea yako mwenyewe. Jaza vizibo 20 kwenye kikaratasi, mwenye duka akuwekee kwenye mizani, gawa kwa 20. Yurea ni nyepesi, kizibo kilekile kinabeba gramu chache kuliko cha DAP.

Na zile namba za mbele sio kilo za kuweka, ni asilimia ya virutubisho ndani ya mfuko. Zinakuhusu pale ambapo umepima udongo na ushauri umeandikwa kwa kirutubisho, mfano kilo 40 za P2O5, yani fosforasi, ile namba ya katikati, kwa hekta. Hapo usinunue kilo 40 za DAP, DAP ina asilimia 46 ya hiyo, kwahiyo gawa 40 kwa 0.46, inakuja kilo 87 kwa hekta, alafu hiyo 87 ndo unaiweka kwenye ile hesabu ya juu badala ya 125, na kwa shamba la jamaa yetu ingetoka kama kilo 6.7.