Chromebook ya shule na gemu: soma hapa kabla hujanunua bando

Tangu shule zilipoanza kuwaruhusu wanafunzi kwenda likizo na Chromebook, malalamiko yanayofika kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mbeya yamebadilika. Zamani ilikuwa chaja imepotea au kioo kimepasuka. Sasa ni gemu. Wazazi wanasema tumewapa watoto kompyuta feki, na wachache wamezipeleka kwa mafundi "zifunguliwe". Hatusemi mtoto asicheze. Tunaomba tu watu wajue kifaa hiki kinaweza nini, maana kuna fedha zinapotea bure.

Nachukulia aina tunayoiona mara nyingi mezani kwetu: prosesa Intel Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 32. Kama hujui ya mtoto wako ikoje, fungua programu inayoitwa `Diagnostics`, imo ndani ya kifaa chenyewe.

Gemu za Android zinapatikana kupitia Play Store, lakini kwenye kifaa cha shule Play Store hufunguliwa na msimamizi, si mzazi. Andika `chrome://management` kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari. Ukiona maelezo kwamba kifaa kinasimamiwa, basi programu unazoziona ni zile tu zilizoidhinishwa. Hapo hakuna ubovu wowote.

Zikishaidhinishwa, gemu nyepesi kama drafti, chesi, mafumbo na mbio za kawaida zinacheza vizuri. Shida huanza kwenye gemu nzito za kupigana risasi. Prosesa hiyo ina kiini mbili tu na haina feni. Tena, gemu nyingi za Android zimeandikwa kwa prosesa za aina ya simu, yaani ARM, kwa hiyo Intel hulazimika kutafsiri maagizo huku gemu ikiendelea, na kazi hiyo inakula nguvu. Ndiyo maana Chromebook yenye prosesa ya MediaTek, ambayo ni ya ukoo wa ARM, wakati mwingine inacheza gemu ileile kwa ulaini zaidi hata kama kwenye karatasi haionekani kubwa. Na tafadhali, Chromebook isichezewe chini ya blanketi. Baridi ya Julai tunaijua sote, lakini kifaa kisicho na feni hutoa joto kupitia bodi lake. Kikizibwa, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, na dalili yake ni kwamba gemu ilianza vizuri ikaja kuwa nzito baada ya muda.

RAM ya GB 4 nayo inagawanwa. Programu ya Android haikai ndani ya kivinjari; mfumo mzima wa Android unawashwa pembeni ya ChromeOS, mfumo wa Chromebook yenyewe, na wote wawili wanakula sahani moja. Utajua imeelemewa pale mtoto anaporudi kwenye ukurasa wa kazi ya shule na kuukuta unajipakia upya. Bonyeza kitufe cha `Search` pamoja na `Esc` uone nani anakula nini.

Hifadhi ndiyo inayotuletea vilio. Katika GB 32, mfumo unajitengea nafasi ya nakala zake mbili, ili sasisho likiharibika upande mmoja kifaa kiwake kwa upande wa pili. Mwanafunzi hubaki na nafasi ndogo kuliko anavyodhani, na gemu nzito inayoonekana ndogo Play Store huanza kupakua mafaili ya ziada ikishafunguliwa. Nafasi ikiisha kabisa kwenye kifaa cha shule kinachotumiwa na watoto kadhaa, ChromeOS hufuta yenyewe data ya mtumiaji ambaye hajaingia kwa muda mrefu zaidi. Yaani gemu ya Juma inaweza kufuta insha ya Neema iliyokuwa kwenye `Downloads`. Kazi ziwekwe kwenye Google Drive.

Sasa nije kwenye gemu za kutiririsha, zile zinazoendeshwa kwenye seva ya mbali na kuletwa kwenye kivinjari kama video. Hoja ninayoisikia kila wiki ni kwamba kwa kuwa kazi inafanywa na seva, kompyuta dhaifu haina neno. Ni kweli, lakini nusu. N4020 inaimudu video hiyo bila shida. Kinachokwama ni umbali.

Mzazi mmoja wa Uyole alinunua bando la GB 10 kwa ajili hiyo, akaunganisha kwa hotspoti ya simu. Alipima kasi akapata megabiti 22 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 18, akaja kutuonyesha picha ya matokeo. "Kasi ipo, mbona mchezaji anapiga shuti mpira umeshapita?" Jibu ni kwamba kipimo kile kilifika kwenye seva ya karibu, hapahapa nchini. Seva ya gemu ilikuwa Ulaya.

Tupige hesabu. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, kisha chini ya bahari kupitia Bahari ya Shamu na Mediterania hadi Ulaya ya kati, ni karibu kilomita 10,000. Kwenda ni milisekunde 50, kurudi 50, jumla 100, kabla hatujaongeza mnara wa simu na muda wa kutengeneza video. GeForce NOW, mojawapo ya huduma hizi za kutiririsha gemu, inataka ucheleweshaji usizidi milisekunde 80. Hakuna bando litakalofupisha waya. VPN nayo haifupishi. Mara nyingi inaongeza mzunguko.

Na gharama? Huduma hiyohiyo inataka megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 720p. Kwa saa moja hiyo ni GB 6.75. Bando la yule mzee lingeisha kwa takriban saa moja na nusu. Halafu huduma hizi hufunguliwa nchi kwa nchi, kwa hiyo soma orodha ya nchi kabla ya kulipia chochote.

Nirudi kwa mafundi. Kufuta kifaa kwa `Powerwash` hakukiondoi kwenye usimamizi. Kikiwaka na kuunganishwa na intaneti, namba yake ya usajili inatambuliwa na kinalazimika kujisajili upya shuleni. Kilichopotea ni mafaili ya mtoto tu. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado watu wanalipa.

Kifaa kikishafutwa, utaratibu ni huu: kirudishwe kwa mwalimu wa TEHAMA pamoja na chaja yake, mzazi aandike maelezo na kuyasaini, mkuu wa shule ayapitishe, ndipo kije kwetu kusajiliwa. Kikiwa kimefunguliwa bodi, tunakikagua kwanza, na gharama ya kilichoharibiwa inamhusu aliyesaini kukipokea. Fundi ajue pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, na adhabu yake ni faini au kifungo. Sisemi tumempeleka mtu mahakamani. Nasema sheria ipo.

Anayetaka gemu fulani iidhinishwe apitie kwa mwalimu, aandike jina la gemu hiyo kama lilivyo Play Store. Tutaijaribu kwenye kifaa cha GB 4. Ikiganda, jibu litakuwa hapana.