Chokaa Jichoni: Kinachosemwa na Kilicho Kweli

Kuta hupakwa chokaa, na chokaa hiyo hiyo hukaa kwenye kikopo pembeni mwa tambuu, pahala ambapo mkono wa mtoto unafika. Ndiyo maana tunaanza nayo kabla ya vumbi na mchanga. Mchanga hukwaruza jicho. Chokaa huliunguza, na huendelea kuliunguza muda wote inapobakia ndani.

Dhana: Chokaa ikiingia jichoni usitie maji, itachemka.

Dhana hii ina chanzo. Chokaa iliyotoka tanuuni, ambayo haijatiwa maji, hutoa joto kali inapokutana nayo. Lakini jicho lenyewe lina machozi, kwa hiyo chokaa imeshakutana na maji tangu ilipoingia. Kinachodhuru ni maji kidogo. Maji mengi yanayotiririka huondoa joto na chokaa kwa pamoja. Kama usoni kuna unga mkavu, upanguse haraka kwa kitambaa kikavu, kisha anza kuosha. Chokaa ya kupakia ukuta au ya tambuu imeshatiwa maji zamani, hiyo haichemki tena. Osha pale pale.

Tuseme fundi anapaka dari, tone zito likamwangukia jicho la kulia. Mlaze au muinamishe kichwa upande wa kulia, ili jicho lililoumia liwe chini na maji yasiingie la pili. Mimina maji ya mfereji polepole kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua kuelekea sikioni. Jicho litajifunga lenyewe kwa maumivu, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa: maji yanaosha kope tu. Lazima mtu wa pili azishike kope kwa vidole na kuziachanisha, akitumia kitambaa safi kikavu ili zisimteleze. Fundi atazame juu, chini, kulia, kushoto, maji yakiendelea.

Endelea nusu saa kamili kwa kutazama saa. Chupa ya lita moja na nusu haitoshi, huisha mapema sana. Kama mfereji hautoki, weka ndoo ya lita 20 na kata, na mtu wa kuijaza tena. Maji ya kisima yanayotumika kuogea yanafaa kuliko kusubiri yaliyo bora. Anayevaa lenzi aitoe maji yakiwa yanapita, kama inatoka kwa urahisi.

Chokaa ina hila moja: vijidonge vyake hujificha chini ya kope ya juu na kuyeyuka kidogo kidogo. Ivute kope ya juu mbali na jicho, mimina maji ndani yake, na kijidonge unachokiona kwenye kope kitoe kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa. Usiguse mboni. Kilichoganda hapo ni kazi ya hospitali.

Dhana: Ndimu au siki inaua chokaa.

Ndimu ni asidi na chokaa ni kinyume chake, hilo kweli. Lakini zikikutana hutoa joto, na ndimu yenyewe huunguza jicho ambalo limeshachubuka. Maziwa ya mama, asali na mafuta ya nazi nayo hayatoi chokaa. Yanapoteza dakika ambazo maji yangekuwa yanafanya kazi.

Dhana: Maumivu yamepungua na wekundu umeondoka, basi limepona.

Tunaomba hili lishikwe. Chokaa huyeyusha mafuta yaliyomo kwenye ngozi ya jicho na kuzama ndani. Ikiunguza mishipa ya damu, jicho huwa jeupe kama kaure, na ikiunguza mishipa ya fahamu, maumivu hupungua. Jicho hilo liko hatarini kuliko lile jekundu. Kwa hiyo kila chokaa iliyoingia jichoni, baada ya nusu saa ya maji, iende hospitali yenye kitengo cha macho siku ile ile. Kama uko mbali, endelea kumimina maji garini. Huko watapima kwa karatasi maalumu kama chokaa bado imo, na wataigeuza kope ya juu. Chukua na kikopo au mfuko wake.

Mchanga wa pwani hauna madhara makubwa kama ya chokaa. Usifikiche, pepesa macho ndani ya maji safi, au mimina kwa dakika chache. Ukioshwa na bado unahisi kitu kila unapopepesa, au mwanga unakuchoma, au unaona ukungu, usiendelee kuchokoa nyumbani: mara nyingi chembe imekwama chini ya kope na kila pepeso inakwaruza kioo cha jicho. Na kama chembe imeruka kwa kasi, kama ya chuma kwenye grenda au ya jiwe lililogongwa nyundo, huenda imetoboa jicho. Hilo usilioshe wala kulibana. Lifunike kwa kikombe kisichogusa jicho, mpeleke.