Wamongolia hawakuwa wengi kama nzige, jamani

Juzi tena, kinyozini. Nimekaa kwenye kiti, nimefungwa kitambaa shingoni, jamaa wa kiti cha pili anamweleza mwenzake kwamba Wamongolia waliteka nusu ya dunia kwa sababu walikuwa wengi kama nzige, wanakuja wanafunika nchi, wanachoma, wanaondoka. Nafundisha historia ya Asia ya Kati miaka kumi na kitu sasa na hii ya nzige nimeisikia kwa wanafunzi, kwa mashemeji, hata kwa walimu wenzangu. Ila mtu ameshika wembe karibu na koo lako hubishani, kwa hiyo nabishana hapa.

Wingi upi? Mwaka 1206 Temujin anapewa cheo cha Jingis Khan kwenye mkutano mkuu karibu na mto Onon, na kumbukumbu zao wenyewe zinahesabu vikosi 95 vya watu elfu moja moja. Hapo ni karibu kila mwanamume anayeweza kupanda farasi. Mataifa waliyokuja kuyapiga yalikuwa na watu wengi mara nyingi zaidi yao. Na miaka miwili kabla, 1204, walipokwenda kupigana na Wanaiman, kabila jingine la nyika, waliamrishwa usiku kila mtu awashe mioto mitano, ili adui akiangalia kwa mbali aone jeshi lisilo na mwisho. Yaani huo wingi mnaousimulia ni uongo waliowauzia watu wenyewe, na miaka 800 baadaye bado unanunuliwa.

Kilichobadilika 1206 sio idadi, ni mpangilio. Watu wamegawanywa kumi kumi, mia mia, elfu elfu, elfu kumi kumi, hilo kila mtu analijua na halikuwa hata jipya, makabila ya nyika yalishahesabu hivyo zamani. Jipya ni kwamba koo zilizoshindwa zilivunjwa, watu wake wakatawanywa kwenye vikosi vya wengine, na ukishapangiwa kikosi chako huhami. Mtatar amekaa na Mkereit na Mnaiman, kiongozi wao ni mtu aliyepewa nafasi kwa kazi yake. Jebe, mmoja wa majemadari wakubwa kabisa, aliwahi kupigana upande wa maadui na kumpiga mshale farasi wa Jingis. Akakiri mwenyewe, akaajiriwa. Halafu watoto wa makamanda wanachukuliwa kwenye walinzi wa Khan, watu elfu kumi, wanalelewa pale, wanapata heshima, na wakati huohuo baba zao hawathubutu kuasi. (Koo kadhaa zilizokuwa rafiki ziliachwa pamoja, msiniletee hiyo kwenye komenti, naijua.)

Sasa twende kwenye kinachoniudhi zaidi, ile habari kwamba biashara ilikuja baadaye, ati kwanza damu, amani ikapatikana, wafanyabiashara wakafuata. Hapana. Mfugaji wa nyika ana nyama, maziwa, sufu, ngozi, farasi. Hana nafaka ya kutosha, chuma hakimtoshi, hariri hana kabisa. Na khan anabaki khan kwa kugawa, asipogawa watu wanamhama kimyakimya na mifugo yao. Kwa hiyo mfanyabiashara alikuwa mgeni wa lazima tangu siku ya kwanza.

Kuna kisa anakisimulia Juwaini, karani wa Kiajemi aliyewatumikia Wamongolia, kwa hiyo msome huku jicho moja limefumbwa. Kabla ya vita vya magharibi, wafanyabiashara wanafika kwa Jingis Khan na vitambaa. Mmoja anafungua mzigo wake, anataja bei ya kichaa, vipande vya dinari kumi au ishirini anadai mikuo mitatu ya dhahabu kwa kila kimoja. Anaona hawa wachunga farasi watajua nini. Khan anakasirika, anaamuru apelekwe kwenye ghala aone vitambaa vilivyojaa humo, ajue kwamba sio mara ya kwanza kuona nguo, kisha mali yake inachukuliwa. Wenzake wakiitwa wamenywea, hawataji bei hata moja, wanasema tumekuletea tu mkuu. Na hapo analipa vizuri sana, mkuo wa dhahabu kwa kila kitambaa cha nyuzi za dhahabu, na yule wa bei ya kichaa anaitwa analipwa hivyohivyo. Mimi kwenye hicho kisa namwona mteja anayejua bei, na anayejua kwamba jina lake litatangulia sokoni.

Wanapoondoka, anawaagiza wanawe na wakuu wake kila mmoja atoe watu wawili watatu, awape mtaji wa dhahabu au fedha, wafuatane nao wakanunue. Yaani mtaji wa ikulu, miguu ya wafanyabiashara. Baadaye ubia wa namna hiyo ukaitwa ortoq. Juwaini anasema msafara ulikuwa na watu 450, Waislamu. Mwaka 1218 wakafika Otrar, mji wa mpakani wa dola ya Khwarazm kwenye mto Sir Darya, leo kusini mwa Kazakhstan. Gavana Inalchuq akawashika, akasema ni wapelelezi, akawaua, akachukua mali. Akatoroka mchunga ngamia mmoja.

Je, walikuwa wapelelezi? Naamini wengine ndiyo, msafara wowote wa zamani ulibeba habari pamoja na mizigo. Na nani alitoa amri? Juwaini anamtaja Sultani Muhammad wa Khwarazm, Nasawi aliyekuwa karani wa mtoto wa sultani anasema gavana aliingiwa na tamaa mwenyewe. Kila karani anamlinda bosi wake. Nimebadilisha msimamo mara mbili kwenye hili na sitashangaa nikibadilisha tena.

Jingis akatuma wajumbe kudai gavana, sultani akaua mjumbe na wenzake wakarudishwa wamenyolewa ndevu. Basi, 1219 wakaja. Na angalia hapa wale wa nzige: sultani alikuwa na jeshi kubwa, ila aliligawa kwenye ngome za miji kwa sababu hakuwaamini majemadari wake kukaa pamoja. Otrar ikazingirwa miezi kama mitano. Wakati huo Khan mwenyewe anapita jangwa la Kizilkum, Februari 1220 yuko mbele ya Bukhara, upande ambao hakuna aliyemtegemea. Samarkand ikafuata. Mauaji yalikuwa makubwa, sitayapaka rangi, ingawa tarakimu za mamilioni kwa mji mmoja hazikubaliki.

Njia zenyewe zilitengenezwa na mwanawe Ogedei, 1234, vituo vya yam, farasi wa kubadilisha, chakula, na bamba la paiza la kuonyesha una ruhusa. Wafanyabiashara wakaanza kupanda farasi wa serikali bure mpaka wenyeji waliowalisha wakachoka, mjukuu wa Jingis, Mongke, alipokuwa khan ikabidi awakataze. Na msidhani njia ilikuwa wazi moja kwa moja, kuanzia 1262 Berke na Hulagu, wajukuu wengine wa Jingis, binamu kabisa, wanapigana Kaukazi.

Ibn Battuta, msafiri huyuhuyu aliyefika Kilwa 1331, miaka michache baadaye alikuwa kwenye nyika ya Uzbek Khan, mtawala wa Wamongolia wa magharibi, akaiona ordu inakuja. Ordu ni kambi ya khan, ndiyo jina la lugha ya Kiurdu linakotoka, Wazungu ndio wakaligeuza likawa "horde", kundi la wahuni. Yeye aliona mji mzima unatembea, una misikiti na masoko, moshi wa majiko unapanda juu, kwa sababu walikuwa wanapika huku mikokoteni inaenda.